Salamu za Januari kwa Mteja Aliyepotea

Barua pepe ya kumrudisha mteja mwanzoni mwa mwaka huharibika mara nyingi kwa sababu mwandishi wake ana haraka ya kuuza. Januari mzazi anawaza ada, sare na madaftari. Mwaka mpya unampa mwenye duka nafasi ya kuuliza swali moja tu: tuendelee kukuandikia au basi?

Tuseme duka la mashuka jijini Dar es Salaam lina anwani 3,000, na wateja 1,200 kati yao hawajanunua wala kubofya chochote kwa mwaka mzima. Kwa muuza mikate, mteja amepotea baada ya mwezi. Shuka hudumu, kwa hiyo mwaka ni kipimo cha haki. Asihesabu waliofungua barua. Tangu 2021, programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za ndani kabla mtu hajasoma, na barua ikaonekana imefunguliwa.

Kwenye mada aandike: “Tuendelee kukuandikia mwaka huu?” Kisha:

“Habari za mwaka mpya, Dada Neema. Tunapanga upya daftari letu la wateja. Mara ya mwisho ulichukua shuka za sita kwa sita, Novemba mwaka juzi. Ukipenda tuendelee kukuletea habari, bonyeza Endelea. Kama zimetosha, bonyeza Niondoe, nasi hatutakuandikia tena. Punguzo lako la asilimia 10 litakusubiri hadi mwisho wa Februari, mambo ya shule yakishatulia.”

Hakuna lawama za “mbona umetutupa?” Kutaja shuka zile kunamkumbusha Neema anayemwandikia ni nani, na hilo ni muhimu, kwa sababu aliyesahau duka hubonyeza kitufe cha barua taka bila kusita.

Hapo ndipo hatari ilipo. Google huwataka watumaji wasifikishe malalamiko ya barua taka asilimia 0.3, yaani watu watatu kwa kila barua 1,000. Wakizidi, hata risiti za wateja waaminifu huanza kuangukia kwenye barua taka. Anwani za zamani nazo zina balaa lake: Google inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, na barua iendayo huko hurudi. Barua nyingi zikirudi, mtumaji huonekana kama mtu aliyeokota orodha mitaani.

Kwa hiyo barua 1,200 zisitoke siku moja. Aanze na wateja 200 waliopotea karibuni, asubiri siku mbili, atazame zilizorudi na waliolalamika. Mlalamikaji mmoja anaweza kuwa bahati mbaya. Wakifika wawili asimame, aandike upya barua yake. Mambo yakiwa shwari, aendelee na 200 wengine, akirudi nyuma kwa tarehe za ununuzi.

Asiyejibu akumbushwe mara moja baada ya wiki mbili. Akinyamaza tena, aondolewe kwenye orodha, hata kama aliwahi kununua sana.