Mchokozi akiingia kwenye grupu: umjibu ao umwache?

Wiki ile ya mafuriko ya Kalehe nilifanya kosa moja ambalo mpaka leo ninajilaumu. Juu ya kosa hilo ndiyo maana ninaandika hapa.

Munakumbuka. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mito ikashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, kando ya ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi sana hawakuonekana tena. Sisi wana Kalehe tunaoishi Bukavu tulikuwa na grupu yetu ya WhatsApp. Kila saa mtu aliandika jina la ndugu anayemtafuta, umri wake, nguo alizovaa, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Usiku wa siku ya pili, mtu ambaye hata hatukujua nani alimwingiza akaandika: «Batu ya Nyamukubi habana akili. Benyewe balijenga mu njia ya maji, sasa banalia nini?»

Nikamjibu. Aya nne ndefu, tena nikamwita mjinga. Baada ya dakika mbili akarudi: «Yaya, leo haulale?» na sura tatu za kucheka. Wengine nao wakaingia, kila mtu na tusi lake. Asubuhi nilipofungua simu, mesaji zilikuwa zimepita mia. Katikati yake kulikuwa tangazo la mama mmoja aliyekuwa anamtafuta mtoto wake, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amelijibu. Sisi wote tulikuwa na mchokozi.

Kwa Kiingereza mtu kama huyo wanamwita troli, na neno hilo linaenda pamoja na lile la wavuvi: kuvuta ndoano yenye chambo nyuma ya mtumbwi unaotembea. Wavuvi wetu wa sambaza wanafanya kwa njia nyingine: wanawasha taa usiku, samaki wanakuja wenyewe. Lakini kazi ni ileile. Hasira yako ndiyo samaki. Hahitaji ukubali maneno yake, anahitaji uje tu.

Sasa, swali la kujiuliza si «huyu mtu ni mbaya?». Mbaya ni mbaya, hilo halikusaidii kuamua. Jiulize hivi: katika maneno yake kuna kitu ambacho kinaweza kuwa kweli ao uongo, na ambacho mwengine akikiamini kitamdhuru mtu? Angalia ile mesaji ya kwanza. «Habana akili» ni tusi. Huwezi kulipima, huwezi kulithibitisha wala kulikanusha. Ukiandika «wana akili», umesema nini? Pale jibu halikuwa na kazi. Ilitosha admini afute mesaji ile kwa wote na kumtoa yule mtu, na sisi tuendelee kuandika majina.

Siku mbili baadaye akaja mwengine na kitu tofauti: «Munadanganya. Siku ile haikukuwa soko Nyamukubi. Munaongeza bafu juu ya kupata misaada.» Huyu naye alikuwa mchokozi, ilionekana. Lakini hapa kulikuwa habari, na habari ya uongo. Ndani ya grupu kulikuwa watu wa Bukavu, na wa Goma, na wengine wa mbali waliotaka kutuma michango, wasiojua Nyamukubi iko wapi. Wakiamini kwamba hesabu ya wafu ni ya kutunga, watarudisha simu mfukoni. Basi huyu alistahili jibu. Si juu yake yeye, juu ya wale waliokuwa wanasoma kimya.

Safari hii nilisubiri. Niliandika jibu kwenye karatasi kwanza. La kwanza lilianza «Wewe usiye na huruma…» Nikalikata, kwa sababu linazungumza juu yake, na yeye ndicho anachopenda. La pili lilikuwa la kejeli: «Asante profesa, tuchoree basi na kalenda ya masoko.» Lilinifurahisha, nakiri. Lakini kejeli ni mlango: inamwalika arudishe yake, na kufanya mzaha karibu na maiti hakupendezi. La tatu ndilo nililotuma:

«Tarehe 4 ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni siku ya soko Nyamukubi. Michango inaendelea kwa namba iliyo juu.»

Sentensi mbili tu. Ya kwanza inaweka ukweli ambao mtu yeyote anaweza kuuhakikisha kwa kalenda na kwa kumuuliza mtu wa kule. Ya pili inarudisha watu kwenye kazi. Hakuna jina lake, hakuna «unadanganya», hakuna alama ya kuuliza. Swali lolote, hata «umepata wapi hayo?», linampa zamu ya kusema. Tena sikuliweka kama jibu juu ya mesaji yake. Ukifanya hivyo, maneno yake yanapanda tena pamoja na yako, na aliyekuwa hajayaona anayaona. Niliandika kama mesaji mpya.

Kuna vitu vinavyoonyesha kwamba umeguswa hata ukijificha. Urefu ni kimoja. Haraka ni kingine: ukijibu ndani ya dakika moja, anajua ulikuwa unamngoja. Usitume odio hata siku moja, sauti inatoa pumzi yako yote nje. Na usiandike «mimi hata sijali». Asiyejali hana sababu ya kutangaza.

Alirudi, bila shaka. «Kwa hiyo ni Alhamisi ndiyo iliua batu?» Muone vile amehama: hazungumzi tena juu ya soko. Hiyo ni dalili nzuri kuliko zote. Anayeuliza kweli, ukimjibu, swali lake linakuwa dogo zaidi. Mchokozi anaacha swali lake na kuokota lingine. Sikuandika kitu, na wenzangu niliwaomba kwa siri wasiandike. Alitupa mbili tatu tena, akanyamaza.

Mutu akimtishia mtu kwa jina, ao akiita watu wafukuze kabila fulani, huyo si mchokozi tena, na hakuna jibu fupi la kumpa. Piga picha ya skrini yenye namba na tarehe, mpe admini, na usiisambaze. Sheria yetu ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 haimtazami tu aliyeanzisha habari ya uongo juu ya mtu, inamtazama pia anayeipeleka mbele.

Nimalizie na upande mwingine, kwa sababu ndani ya wiki ileile tulikosea pia kinyume. Kijana mmoja wa Idjwi aliuliza: «Lakini kwa nini watu walijenga karibu na mito?» Maneno yalifanana kidogo na yale ya mchokozi wa kwanza, na sisi tulikuwa na majeraha. Watu walimrukia. Mimi nilinyamaza, nikidhani nimejifunza kunyamaza. Alijaribu kueleza kwamba na kwao Idjwi nyumba za wazazi wake ziko chini ya mlima, karibu na kijito, na alitaka kujua kama awahamishe. Hakuna aliyesoma mpaka mwisho. Kesho yake alikuwa ametoka kwenye grupu, na namba yake sikuwa nimeiandika.