Sekunde 18 za Kwanza

Mwaka 1984, watafiti wa Marekani Howard Beckman na Richard Frankel walichunguza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa yaliyorekodiwa. Kwa wastani, daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18.

Daktari mchanga hajisikii akikatiza. Ndiyo maana mkufunzi huketi naye watazame video yake, mgonjwa akiwa ameridhia kurekodiwa. Tuseme mama anaanza: “Kichwa kinaniuma, daktari, na tangu yale ya nyumbani...” Kijana anadakia: “Kinauma upande gani?” Mama anainamisha macho, na habari za nyumbani hazirudi tena.

Mkufunzi mzuri humwuliza kwanza kijana alikwama wapi, kisha huirudisha video hadi hapo. Mwongozo wa Calgary-Cambridge una kigezo kinachohusika: mgonjwa aachwe amalize maelezo yake ya mwanzo. Kumwambia kijana “huna huruma” hakumwonyeshi la kufanya. “Ulipouliza, aliinamisha macho” kunamwonyesha.

Video haisemi mama aliwaza nini, kwa hiyo wanaigiza upya. Mkufunzi anakuwa mgonjwa. Kijana ananyamaza, anangoja, kisha anauliza taratibu: “Nyumbani kumetokea nini, mama?”

“Dada yangu alianza hivihivi. Akapatwa na kiharusi.”