Chenji Inayopotea Kwenye Jumla

Mwanzoni mwa 1982 Soko la Hisa la Vancouver, Kanada, lilizindua faharisi mpya ya bei, wakaianzisha kwenye pointi 1000. Kufikia Novemba 1983 faharisi ilisomeka 524 na ushei, ilhali hisa zenyewe hazikuwa zimeanguka namna hiyo. Hesabu ilipopigwa upya, thamani ya haki ikatoka 1098.892. Hapakuwa na mwizi. Kompyuta ilikuwa ikiirekebisha faharisi kila hisa zilipouzwa, karibu mara 3000 kwa siku, na kila mara ilibakiza desimali tatu na kuzikata zilizosalia bila kukadiria. Kila mkato ulikuwa mdogo kuliko sehemu moja ya elfu ya pointi, ila yote ilivuta upande mmoja, kwenda chini.

Kompyuta za leo hukadiria badala ya kukata, na hutunza tarakimu nyingi zaidi. Hata hivyo ugonjwa ni ule ule. Namba yenye desimali huhifadhiwa kwa mtindo wa nukta inayoelea: tarakimu muhimu zina kikomo, na nukta husogea kulingana na ukubwa wa namba. Jumla inapokuwa kubwa, hatua ndogo kabisa inayoweza kuandikwa nayo hukua. Katika mtindo wa biti 32, jumla ikifika 16,777,216 hatua hiyo huwa 2. Ukiendelea kuongeza 1, jumla haisogei tena, hata ukiongeza mwaka mzima. Mtindo wa biti 64 una nafasi ya tarakimu 15 au 16, kwa hiyo mambo haya hutokea polepole zaidi, lakini hutokea.

Mwaka 1965 William Kahan, mtaalamu wa hisabati kutoka Kanada, alichapisha dawa fupi ya kushangaza. Ndiye aliyekuja kuongoza fikra za kanuni ya IEEE 754 ya 1985, ambayo karibu kila kompyuta huifuata katika hesabu hizi. Dawa yake inafanana na desturi ya mwenye duka asiye na sarafu: hana shilingi za kukurudishia leo, basi anaandika pembeni kiasi unachomdai, na ukija tena anaanzia hapo. Kwa Python huandikwa hivi:

```
s = 0.0
c = 0.0
for x in namba:
    y = x - c
    t = s + y
    c = (t - s) - y
    s = t
```

Hapa `s` ni jumla, na `c` ndilo daftari la pembeni. Mstari wa kuvutia ni ule wa `c`. Unauliza: jumla imesogea kiasi gani hasa, na ilipaswa kusogea kiasi gani? Tofauti ya viwili hivyo ndiyo kosa la kukadiria, nalo huondolewa kwenye namba inayofuata.

Tuchukue kikokotoo duni chenye tarakimu nne tu. Kina 9000, nasi tunataka kuongeza 0.4 mara tano. Jibu sahihi ni 9002. Kwa njia ya kawaida, 9000.4 inakadiriwa kuwa 9000. Mara ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mwishowe bado tuna 9000, kana kwamba hatukufanya kitu.

Sasa kwa fidia. Mara ya kwanza jumla inabaki 9000, lakini `c` inakuwa -0.4, yaani tumepunjwa 0.4. Mara ya pili tunaingiza 0.8, 9000.8 inakadiriwa kuwa 9001, na `c` inakuwa 0.2, maana safari hii tumezidishiwa. Mara ya tatu tunaingiza 0.2 tu, jumla inabaki 9001, `c` ni -0.2. Mara ya nne tunaingiza 0.6, tunapata 9002, `c` ni 0.4. Mara ya tano 0.4 inafutana na deni hilo, tunaingiza sifuri, na jumla inasimama 9002 kamili. Kikokotoo ni kile kile cha tarakimu nne.

Faida yake ni hii: kwa njia ya kawaida, kikomo cha kosa hukua kadiri namba zinavyoongezeka. Kwa fidia, kikomo hicho karibu hakijali kama namba ni elfu au milioni. Gharama ni hatua nne za hesabu mahali pa moja, bei ambayo mimi naiona ndogo.

Lakini dawa ina mipaka, na wa kwanza umo ndani ya dawa yenyewe. Hesabu ya `c` inategemea kwamba jumla ni kubwa kuliko namba inayoingia. Kipe kikokotoo chetu 1, kisha 50000, kisha 1, kisha -50000. Jibu sahihi ni 2. Ile 50000 inapoingia, 1 ya kwanza inamezwa, na `c` inasoma sifuri: daftari halikuona kitu. Ile 1 ya pili inaandikwa vizuri, lakini inamezwa -50000 inapofika. Jibu la Kahan linatoka 0. Mwaka 1974 Arnold Neumaier alitoa marekebisho: kwanza pima ni ipi kubwa, jumla au namba mpya, kisha uokoe kilichopotea kutoka ile ndogo, na daftari liongezwe mwishoni kabisa. Kwa njia hiyo tunapata 2. Tangu toleo la 3.12, `sum()` ya Python hutumia njia ya Neumaier kwa namba za desimali.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi, kwa sababu hakuna ustadi wa kujumlisha unaouvuka. Fidia huokoa kilichopotea wakati wa kujumlisha. Haiwezi kurekebisha namba iliyoingia ikiwa na kasoro. Kompyuta haiwezi kuandika 0.1 kamili kwa biti. Jumlisha 0.1, 0.2 na -0.3 kwa `math.fsum`, ambayo haipotezi chochote njiani, na bado hupati sifuri bali takriban 0.000000000000000028. Hiyo ndiyo jumla sahihi ya namba zilizohifadhiwa, siyo ya ulizokusudia. Namba kubwa zinapofutana na kubakiza masalio madogo, kasoro hizo ndizo hugeuka kuwa jibu.

Tarehe 25 Februari 1991 mtambo wa Patriot huko Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kuzuia kombora la Iraki, na askari 28 wa Marekani wakafa. Saa yake ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba nzima, bila kosa, kisha ikazidisha kwa 0.1 iliyokatwa ndani ya biti 24. Baada ya saa 100 bila kuzimwa, kasoro hiyo ilikuwa imefika sekunde 0.34. Wengi hukisimulia kisa hiki kama kosa la kujumlisha. Si hivyo. Fidia ya Kahan isingemsaidia mtu pale, kwa kuwa mbovu ilikuwa ile 0.1.

Mpaka wa tatu huwapata wanaoandika kwa C au C++. Kwa aljebra ya darasani, `(t - s) - y` ni sifuri daima. Ukiiruhusu GCC itumie `-ffast-math`, kompaila nayo huamini aljebra hiyo, hulifuta daftari lote, na programu hukimbia bila onyo lolote. Pitisha orodha ndefu ya namba za desimali kwa njia mbili, ya kawaida na ya Kahan. Majibu yakifanana hadi tarakimu ya mwisho kabisa, shuku kwamba fidia haipo tena, na ukusanye upya faili hilo bila `-ffast-math`.