Kila Mafuta na Kostiki Yake

Anayetaka kutengeneza sabuni bila kuipika motoni huanza na mizani. Kikombe hakifai, kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki soda. Gramu 100 za mafuta ya nazi hula kostiki gramu 18 hivi, ilhali mawese ya uzito uleule hutosheka na 14. Ukibadili mafuta bila kupiga hesabu upya, utapata sabuni inayochoma ngozi au uji wa mafuta usiokaza.

Tuchukue kilo moja: mawese gramu 700, mafuta ya nazi gramu 300. Nazi huleta povu na kutakatisha, ila ikizidi huikausha ngozi. Mawese huipa sabuni ugumu, na yakiwa mekundu huipa rangi ya machungwa. Mchanganyiko huu ungekula kostiki gramu 154 hivi. Tunaweka 146, pungufu kwa asilimia 5, ili kinachobaki kiwe mafuta kidogo na si kostiki. Magadi ya kupikia maharage hayawezi kushika nafasi yake.

Maji baridi gramu 300 yatiwe katika jagi la plastiki ngumu au la chuma cha pua. Sufuria ya alumini usiitumie kabisa, maana kostiki huila na kutoa gesi inayoshika moto. Vaa glavu, miwani ya kujikinga na nguo ya mikono mirefu, kaa penye hewa, na watoto wawe mbali. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukigeuza, ukamwagia maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Hata ukifuata utaratibu, maji hupata moto sana na kutoa mvuke unaokaba koo, usiinamie jagi. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa na usuuze kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, bila siki. Ikiingia jichoni, suuza vivyo hivyo, kisha nenda hospitali mara moja.

Mafuta na maji ya kostiki vikishakuwa vuguvugu, changanya na ukoroge mpaka uji unaodondoka kwenye mwiko uache alama juu. Mimina katika boksi lililotandikwa karatasi ya nailoni. Baada ya siku moja au mbili, bado umevaa glavu, kata mche vipande. Ukiona vifuko vyenye majimaji makali ndani, usiitumie.

Hapo ndipo wengi hukosa subira. Kostiki nyingi imekwisha kufanya kazi yake, lakini sabuni ina maji mengi na huyeyuka upesi bafuni. Panga vipande kivulini, vikiachana, kwa wiki 4 hadi 6. Pwani, kwenye unyevu, ngoja zaidi. Pima kipande kimoja kila wiki na uandike uzito wake. Ukiacha kupungua, sabuni imekauka.