Wastani sawa, alama tofauti

Mitihani ya muhula imekwisha. Mwalimu mmoja ana mkondo A, mwenzake ana B, na wote wanasahihisha swali moja la insha, la alama 15: kwa nini Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliishia kwa kushindwa kwa wapiganaji? Mwongozo unataka hoja sita. Kila hoja ina alama mbili, moja ya kuitaja na moja ya kuieleza. Utangulizi na hitimisho vinagawana alama tatu zilizobaki.

Kabla ya kushika kalamu nyekundu wanatoa nakala za karatasi tano, kisha kila mmoja anasahihisha peke yake. Nakala ni muhimu, kwa sababu ukishaona mwenzako ameandika 12, mkono wako hauna uhuru tena. Wa kwanza anatoa 12, 10, 9, 7 na 5. Wa pili anatoa 8, 9, 12, 5 na 9. Wastani wao ni 8.6 kwa 8.6, na mkuu wa taaluma anayetazama wastani pekee angewapongeza.

Wanarudi kwenye karatasi ya kwanza. "Mwalimu, huyu umempa hoja mbili kwa jambo moja," anasema wa pili. Kweli: mtoto ameandika kwamba wapiganaji walikuwa na silaha duni, halafu kwamba Wajerumani walikuwa na bunduki za kisasa. Kwenye hoja ya umoja karudia vilevile. Hapo ndipo zilipotoka zile alama nne. Karatasi ya tatu ina hoja zote sita, ikiwemo imani ya maji ya Kinjeketile, lakini hakuna hata moja iliyoelezwa. Wa kwanza katoa alama moja kwa kila hoja, wa pili moja na nusu.

Kishawishi ni kugawanya tofauti na kumpa mtoto wa karatasi ya kwanza 10. Lakini kumi hiyo haina mwenyewe kwenye mwongozo. Afadhali waandike kanuni mbili: hoja iliyorudiwa kwa maneno mengine ihesabiwe mara moja, na iliyotajwa bila maelezo ipate moja tu. Sasa karatasi ya kwanza inapata 8, ya tatu 9. Kisha kila baada ya rundo dogo wabadilishane karatasi mbili tatu, maana uchovu wa jioni hulegeza kanuni.

Ingekuwa mmoja anabana tu, kila karatasi pungufu kwa alama mbili, mpangilio wa watoto ungebaki uleule na kuongeza mbili kungetosha, ila si kwa aliyeacha ukurasa mtupu.

Shule nyingine hukwepa yote haya: kila mwalimu husahihisha swali lake kwa mikondo yote. Ubanaji unawapata wote sawa, mradi swali ni la lazima. Likiwa la kuchagua, aliyechagua swali la mwalimu mbanaji ndiye anayeumia.