Barua kwa kamati ya afya: kurasa za kipindupindu zilizopigwa picha

Kijitabu cha kudhibiti kipindupindu huandikwa kwa ajili ya mhudumu wa afya aliyekaa darasani, si kwa ajili ya mkutano wa kijiji. Nakala yenyewe ikifika zahanati, aghalabu hukaa humo humo. Ofisa afya wa kata au mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupiga picha kurasa zinazohitajika na kuzituma kwenye simu za wajumbe wa kamati ya afya ya kijiji. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu mjumbe mwenye simu ya batani hazioni, na mwenye simu kubwa huona jedwali lenye herufi ndogo na alama ambazo hakuwahi kufundishwa. Barua ya maelezo huziba pengo hilo. Ni karatasi moja au mbili, inayoweza kusomwa kwa sauti chini ya mti na kueleweka na mzee ambaye nyumbani kwake huzungumzwa Kisukuma kutwa nzima.

Njia hii ya kusomea kundi kwa sauti ina asili yake nchini Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyesoma kijitabu kwa sauti kabla ya wanakikundi kujadili na kuamua la kufanya, kama kuchimba choo au kusafisha kisima. Maandishi yale yalitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya kusomewa kundi. Picha ya ukurasa haikutungwa hivyo, na mwandishi wa barua lazima aifanye kazi hiyo mwenyewe.

Kipindupindu kinafaa kuwa mfano kwa sababu mazingira ya mkoa wa Simiyu yanakialika. Mito mikubwa ya mkoa, Simiyu na Duma, hupungua sana kiangazi, na watu huchimba mchanga wa mtoni kupata maji. Wengine huteka malamboni, mahali ambapo ng'ombe nao hunywa. Mvua za kwanza zinaponyesha, uchafu wa ardhini husombwa hadi kwenye vyanzo hivyo hivyo. Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata wagonjwa wa kipindupindu mwaka 2024.

Kabla ya kuandika neno, mwandishi hupanga picha. Zikitumwa nane kwa pamoja hazifiki lazima kwa mpangilio wa kijitabu, na namba ya ukurasa mara nyingi imekatwa pembeni. Njia ya kujua ni kufuata sentensi: mstari wa mwisho wa picha moja lazima uendelee kwenye mstari wa kwanza wa picha nyingine. Usipoendelea, kuna ukurasa uliorukwa, na aliyepiga picha anapaswa kuulizwa. Jambo la pili ni jedwali. Picha ikikata mstari wa juu, vichwa vya safu hupotea, na namba 20 inabaki peke yake bila kusema kama ni lita, matone au miligramu. Namba ya namna hiyo haiandikwi katika barua mpaka ithibitishwe kwenye kijitabu chenyewe au kwenye pakiti ya dawa. Kubahatisha hapa ni kosa baya kuliko kuacha nafasi wazi.

Hatari hiyo huonekana vizuri kwenye ukurasa wa kutibu maji ya kunywa. Vidonge vingi vinavyouzwa au kugawiwa vina dawa ya klorini iliyoandikwa NaDCC kwenye pakiti, lakini havina nguvu moja. Kidonge cha 67 mg kimetengenezwa kwa lita 20, yaani dumu moja la kawaida. Cha 33 mg ni cha lita 10. Cha 17 mg ni cha lita 4 hadi 5. Jedwali la kijitabu huvipanga vyote pamoja, na kichwa cha safu kikikatwa, msomaji huona tu kwamba kinahitajika "kidonge 1".

Chukulia mama mwenye dumu la lita 20 aliyepewa vidonge vya 17 mg. Akitia kimoja, kila lita itapata takribani nusu miligramu ya klorini badala ya miligramu 2 zilizokusudiwa. Maji ya lambo yana tope, na tope humaliza klorini kabla haijawafikia vijidudu. Kwa macho, maji yatakuwa yale yale, na mama ataamini yametibiwa. Kosa la upande wa pili, la kutia kidonge cha 67 mg kwenye ndoo ya lita 10, halimdhuru mtu kwa haraka. Hufanya maji yanuke dawa, watoto wakatae kuyanywa, na familia iache kutibu maji kabisa. Kwa hiyo barua nzuri haisemi "tia kidonge kimoja." Inataja namba iliyo kwenye pakiti na chombo ambacho kila mtu anacho. Sehemu hiyo inaweza kuandikwa hivi:

"Ndugu wajumbe, tazameni kwanza pakiti. Kama imeandikwa 67 mg, kidonge kimoja ni cha dumu la lita 20. Maji yakiwa na tope, yaacheni yatulie, kisha yachujeni kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Yakiwa bado hayajang'aa, tieni vidonge viwili. Tikiseni, funikeni, subirini dakika 30. Fungueni mnuse. Harufu ndogo ya dawa ikisikika, maji yako tayari. Isiposikika kabisa, rudieni kipimo kile kile na msubiri dakika nyingine 15. Pipa la lita 200 linaloletwa na mkokoteni linahitaji vidonge 10 kwa maji yaliyong'aa."

Kanuni ya kunusa inastahili nafasi yake. Kijitabu huzungumzia klorini inayobaki katika maji, kipimo kinachohitaji kifaa na vidonge vya rangi. Kijiji hakina kifaa hicho, lakini kila mtu ana pua. Harufu inayobaki baada ya nusu saa ni ishara kwamba dawa haikumalizwa yote na uchafu, na kwamba ipo ya kupambana na vijidudu vitakavyoingia baadaye kwa kikombe au mkono. Maji yaliyochemshwa hayana kinga hiyo. Inatosha yachemke kwa mapovu makubwa kwa dakika 1, lakini yakipoa na kuchotwa kwa kikombe kichafu, yamechafuka tena. Hata yaliyotiwa dawa hupoteza nguvu, kwa hiyo yatumiwe ndani ya saa 24, yakiwa kwenye chombo chenye mfuniko.

Ukurasa unaofuata ndio unaopaswa kutengwa kabisa na ule wa maji ya kunywa. Ni ule wa klorini ya kuua vijidudu kwa mgonjwa na mazingira yake: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.5 kwa sakafu na vifaa, 2 kwa kinyesi, matapishi na miili ya marehemu. Katika picha iliyopigwa kwenye mwanga hafifu, nukta ya desimali hupotea kirahisi, na 0.5 ikasomeka 05 au 5. Isitoshe, asilimia hizo hazifanani hata kidogo na kipimo cha maji ya kunywa. Hata ile dhaifu kabisa ya kunawia mikono ina miligramu 500 za klorini kwa lita, mara 250 ya ile ya dumu la kunywa. Barua haina haja ya kuzifundisha kwa kijiji kizima. Inatosha kusema kwamba dawa hiyo huchanganywa na mhudumu aliyefunzwa, huwekwa kwenye chombo kilichoandikwa na kutengwa, na haiguswi na anayetafuta maji ya kunywa. Mwandishi anayenakili ukurasa wote ili aonekane amekamilisha kazi anawaongezea wasomaji hatari.

Ukurasa wa ORS una mtego wa vipimo pia. Pakiti nyingi ni za lita 1 ya maji safi, ingawa zipo za nusu lita, na maandishi ya pakiti ndiyo yanayoamua. Nyumbani hakuna jagi la maabara. Kuna chupa ya soda ya mililita 350, chupa ndogo ya maji ya mililita 500, na ile kubwa ya lita 1.5. Pakiti ya lita 1 ikitiwa kwenye chupa ya soda hutoa maji yenye chumvi karibu mara tatu, ambayo kwa mtoto mdogo ni hatari. Ikitiwa kwenye chupa ya lita 1.5 inakuwa dhaifu mno. Barua iseme wazi: chupa mbili za mililita 500, zikamiminwa kwenye sufuria safi, ndizo lita 1. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pakiti zikikosekana wakati mgonjwa anasafirishwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi vitamsaidia njiani. Neno "vilivyosawazishwa" halifai kuachwa, kwani kijiko cha chumvi kilichojaa hadi kikalundikana huharibu dawa nzima.

Kiasi cha kunywa nacho hugeuzwa kutoka mililita kwenda vikombe. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa kila anapoharisha, kwa kijiko. Mkubwa kuliko huyo apewe nusu hadi kikombe kizima, na mtu mzima anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, isubiriwe dakika 10, kisha aendelee polepole. Anayenyonya asiachishwe. Watoto hupewa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6, hata kama kuharisha kumekoma.

Hapa kijitabu hutumia maneno kama "upungufu mkubwa wa maji mwilini," na kamati haiwezi kuyafanyia kazi mpaka yawe mambo yanayoonekana. Macho yaliyoingia ndani. Ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole. Mgonjwa analegea, haamki vizuri, hawezi kunywa, au hapati mkojo. Kuharisha maji meupe kama maji yaliyooshea mchele, mfululizo, kunatosha kumpeleka zahanati bila kungoja dalili nyingine, kwa sababu kipindupindu kikali huua ndani ya saa chache. Aendelee kunyweshwa ORS akiwa kwenye pikipiki au mkokoteni.

Barua ikikamilika, irudi kwa mganga mfawidhi wa zahanati ailinganishe na kijitabu, namba kwa namba, kabla ya mwenyekiti kuisoma mkutanoni. Juu yake iandikwe jina la kijitabu, mwaka wa kuchapishwa na kurasa zilizoelezwa, ili toleo jipya likifika ijulikane ni barua ipi imepitwa. Chini yake ziwekwe namba ya simu ya zahanati na ile ya Wizara ya Afya, 199, ambayo hupigwa bila malipo.