Darasa si nganya: Ukipewa ukuta wa watoto, punguza kelele ya rangi

Ukinipa mkebe wa rangi nyekundu na ubavu wa matatu, utanipenda. Hiyo ndiyo shule yangu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, niliingia gereji moja huku Eastlands nikajifunza kuchora nganya, na sheria ya nganya ni moja tu: picha ipige kelele. Abiria yuko ng'ambo ya barabara, ana sekunde tatu za kuamua atapanda gani, kwa hivyo unamrushia kila rangi uliyo nayo.

Sasa fikiria nilipopata dili ya kuchora darasa la PP1 katika shule moja ndogo mtaani. Nilifanya nini? Nilichora nganya. Ukuta wa mbele, juu ya ubao, niliweka simba wa manjano kali. Kushoto twiga na treni, kulia alfabeti nzima, kila herufi na rangi yake, nyuma samaki na upinde wa mvua. Mzazi yeyote aliyepita hapo alipiga picha. Nililipwa, nikaenda zangu nikijiona mkali.

Wiki mbili baadaye tichaa akanipigia simu. Hakugomba. Aliniambia tu, "Kijana wangu, hebu njoo uketi darasani nusu saa."

Nilikaa nyuma kwenye kiti kidogo, magoti yakinigusa kidevu. Tichaa alikuwa akifunza herufi b. Mimi mwenyewe nilishindwa kumtazama. Jicho lilikuwa linapanda kwa simba, linashuka kwa treni, linarudi kwa simba. Alipomuuliza mtoto mmoja wa mbele, "Hii ni nini?" akionyesha herufi ubaoni, mtoto akajibu kwa furaha, "Simba!" Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Wazazi walikuwa wamechanga pesa, na nilikuwa nimewauzia kitu kinachomwibia mwalimu watoto.

Nilipoanza kusoma kuhusu haya mambo, niligundua si sisi tu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Amerika, walichukua watoto 24 wa chekechea wakawafunza masomo mafupi ya sayansi katika chumba kimoja. Mara nyingine kuta zilijaa mapambo, mara nyingine zilikuwa tupu. Kuta zilipojaa, watoto walipoteza asilimia 38.6 ya muda wa somo wakiangalia mambo mengine. Kuta zilipokuwa tupu, ilikuwa asilimia 28.4. Kwenye maswali ya baadaye walipata asilimia 42 chumba kikiwa na mapambo, na 55 kikiwa wazi. Ni watoto wachache, na darasa lao halikuwa na msongamano kama wetu, lakini nilichokiona nikiwa kwenye kile kiti kidogo ni hicho hicho.

Usikimbilie kupaka kila kitu nyeupe, lakini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford walipima madarasa 153 ya shule za msingi Uingereza, na ripoti yao ya 2015 haikusifu chumba kitupu. Kilichofanya vizuri ni cha katikati: kuta nyingi za rangi nyepesi, ukuta mmoja wenye rangi iliyochangamka, na kati ya asilimia 20 na 50 ya eneo la ukuta likiachwa wazi bila kitu. Kwa hivyo mchoro unaruhusiwa. Swali ni uko wapi na unapiga kelele kiasi gani.

Tuanze na wapi. Ingia darasani, keti mahali mtoto anapoketi, uangalie anakoangalia. Ukuta wa ubao ni wa mwalimu, usiuguse na mchoro wowote. Upake rangi moja tulivu, kwa mfano kijani cha majani makavu au buluu iliyofifia, iliyokolea kidogo kuliko kuta zingine ili jicho lijue mbele ni wapi. Kuta za pembeni ziache nyepesi, krimu au rangi ya maziwa, maana hizo zinasambaza mwanga wa dirisha. Mchoro wako upeleke ukuta wa nyuma. Mtoto atauona akiingia, akitoka, na wakati wa hadithi mkekani, si wakati tichaa anafunza b.

Sasa kelele. Kuna ile stori unayosikia kila mahali, ati buluu hutuliza na nyekundu huchemsha. Mimi singeitegemea sana. Buluu ya nganya itakuumiza macho kama nyekundu tu. Kinachosumbua zaidi ni ukali wa rangi, ukubwa wa eneo lake, na rangi ngapi kali zimesongamana pamoja. Nyekundu ya tofali, iliyopozwa, inakaa ukutani bila kumgombeza mtu.

Kupoza rangi ni rahisi, na usitumie nyeusi. Ukitia nyeusi kwenye manjano inageuka kijani kichafu. Tumia rangi iliyo kinyume chake: manjano unaipoza na zambarau kidogo, nyekundu na kijani, chungwa na buluu. Tia matone machache ya stena, koroga hadi chini ya mkebe, jaribu kwenye kadibodi, ngoja ikauke. Usihukumu ikiwa mbichi, kwa sababu rangi ya maji nyingi hukoza kidogo ikikauka. Hiyo kadibodi ibandike ukutani uitazame asubuhi, saa sita na saa kumi. Krimu iliyo poa asubuhi inaweza kuwa manjano inayochoma macho jua la mchana likigonga.

Tulikubaliana na tichaa nirudie kazi, mimi nitoe nguvu bure, shule inunue rangi. Chumba kilikuwa mita 7 kwa 6, kuta mita 2.7 kwenda juu. Ukitoa mlango na madirisha manne, zilibaki kama mita 61 za mraba. Sehemu ya chini, mita moja kutoka sakafuni, tuliipaka rangi ya mafuta ya udongo hafifu kwa sababu mikono ya watoto huchafua hapo na lazima pafuliwe. Hiyo ilikuwa kama mita 25 za mraba, na kwa mikono miwili ilikula karibu lita 5. Juu tulitumia rangi ya maji isiyong'aa. Usipake ya kung'aa karibu na ubao: dirisha litamulika pale na watoto wa upande mmoja hawataona maandishi. Plasta yetu ilikuwa na mikwaruzo, kwa hivyo nilihesabu lita moja kwa mita 8 za mraba, si 10 kama ukuta laini. Krimu ikawa lita 6 na nusu, ukuta wa ubao lita 2 na nusu.

Kizaazaa kilikuwa kuficha simba. Nilikuwa nimemchora kwa rangi ya mafuta, na ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya mafuta yanayong'aa, itashika siku mbili tatu kisha ianze kubanduka kama ngozi ya kiazi. Ilibidi nipige msasa hadi ng'aro iishe, nifute, nipake andakoti nyeupe mikono miwili, ndipo krimu. Mkono wa kwanza wa andakoti, simba alikuwa bado anatuchungulia.

Hapo kwa msasa, sikiza vizuri. Kama ukuta una rangi ya zamani usiyoijua, usiusugue ukiwa mkavu. Rangi za zamani, hasa manjano, chungwa na nyekundu, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo. Lowesha ukuta, tumia msasa wa maji, watoto wasiwepo, kisha deki chumba na kitambaa chenye maji badala ya kufagia. Ukinunua mpya, kiwango cha Kenya ni risasi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Chagua mkebe uliofungwa, wenye lebo na alama ya ubora. Achana na ile ya kupimiwa kwenye chupa ya soda.

Kwa mchoro wa nyuma niliweka kitu kimoja tu: mti wa mgunga, mbuzi wawili chini yake, na kilima kwa mbali. Rangi nne zilizopozwa, na nafasi tupu kubwa kuzunguka mti. Kabla ya kumaliza niliupiga picha na simu nikaigeuza iwe nyeusi na nyeupe. Hii mbinu itakusaidia sana. Kama kuna sehemu inayoruka nje ya picha hata rangi zikiondolewa, tofauti ya giza na mwanga imezidi hapo. Kwangu ilikuwa tumbo la mbuzi mmoja, nyeupe pe. Nikalipoza kwa krimu.

Herufi za alfabeti hatukuzirudisha ukutani. Tichaa sasa ana kadi, anatundika herufi ya wiki kando ya ubao na kuitoa wiki ikiisha. Kitu kilichochorwa ukutani hakiwezi kuondoka somo likibadilika, na mtoto akizoea kukiona, hakisomi tena.

Utajuaje kama umefaulu? Usiulize wazazi, wao watasifu chochote kinachong'aa. Keti nyuma, na kila baada ya dakika tano hesabu vichwa vilivyogeukia kuta. Usihesabu siku ya kwanza, kwa kuwa kitu kipya lazima kitazamwe. Ngoja wiki mbili. Kwenye simba wangu vichwa vilikuwa zaidi ya kumi kila mara. Kwenye mti vilikuwa viwili, mara nyingine vitatu, na mmoja alikuwa anatazama mjusi.

Na usiipe rangi sifa zote. Darasa hilo lina mabati, mvua ikinyesha hakuna anayemsikia tichaa, na watoto bado wanabanana watatu kwa dawati. Hakuna kijani kitakachotatua hayo. Lakini siku hiyo ya mwisho tichaa alionyesha herufi ubaoni, yule mtoto wa mbele akaitazama, akakunja uso kidogo, akasema, "Di."

Ilikuwa b. Lakini safari hii, alikuwa ameangalia ubao.